Hajawahi kuanguka kifafa, mbona anapewa dawa ya kifafa?

Swali lilikuwa hili: "Mdogo wangu wa kike ana miaka 24. Mwezi jana alikuwa hashikiki, halali, anaongea bila kukoma, amegawa hadi sufuria za mama. Hospitali wakamtuliza. Sasa amegeuka, amejifungia ndani, hali wala hasemi. Ni ugonjwa ule ule au umeingia mwingine? Halafu wamempa valproeti, ambayo jirani anampa mwanawe wa kifafa. Mama anataka tumwachishe. Tufanye nini? Niko Bwera."

Ndugu yangu, ni ugonjwa ule ule, unaitwa baipola, yaani hisia hupanda kupita kiasi na wakati mwingine hushuka kupita kiasi. Nami ninao. Nauza vitenge hapa Arua, na yaliyompata mdogo wako yalinipata mimi, ila kwangu yalianzia chini.

Mwaka 2014 nilishuka. Sikuwa nalia, watu hudhani sonona ni kulia. Mteja alikuwa ananiuliza bei ya kitenge, bei naijua, lakini kuifikisha mdomoni ilikuwa kama kuvuta ndoo kutoka kisima kirefu. Nilikaa siku tano bila kuoga kwa sababu maji yalionekana mazito. Usiku nilikuwa macho, asubuhi nimechoka kama niliyelima. Kliniki wakapima malaria, wakapima taifodi, hakuna kitu. Mwisho wakanipa amitriptilini, kidonge cha usiku cha sonona.

Swali moja hawakuniuliza: je, umewahi kupanda? Wangeuliza ningewaambia kwamba nikiwa na miaka 19 nilishona sare za shule wiki nzima, usiku na mchana, nikilala saa mbili tu, na sikuchoka. Nyumbani walinisifu kwa bidii. Hakuna aliyeona ugonjwa, hata mimi sikuuona.

Wiki ya tatu ya kile kidonge niliamka saa tisa usiku nikiwa mwepesi. Nikafagia ua, nikafua mapazia, nikapika chai ya watu wote kabla ya adhana. Mume wangu alimshukuru Mungu, akasema mke wake amerudi. Siku ya nne nilikuwa nimechukua vitenge kwa mkopo kwa wafanyabiashara watatu tofauti. Siku ya saba nilikuwa nawagawia wapita njia, nikiwaambia nimeteuliwa kuondoa ushuru mpakani kwa ajili ya wanawake wote wa soko. Naongea Kiswahili, nadakia Kilugbara, nabadili Kilingala, na ndani yangu sikuona kosa lolote. Mtu aliyepanda hajioni mgonjwa, anawaona ninyi ndio wazito wa kuelewa. Kaka zangu walinifunga kamba wakanipakia kwenye gari.

Nimeeleza kirefu ili uione tofauti pale inapoonekana vizuri zaidi, yaani kwenye usingizi. Mtu aliyeshuka hukosa usingizi akiutamani, na asubuhi amechakaa. Wengine hulala mchana na usiku, bado hawapumziki. Mtu aliyepanda hauhitaji. Analala saa mbili au tatu, anaamka mzima kuliko wewe uliyelala nane. Madaktari huita mania hali hiyo ikidumu wiki moja, au hata siku chache ikiwa imembidi alazwe. Sonona wanaihesabu kuanzia wiki mbili mfululizo. Kwa wengi kupanda hufuatiwa na kushuka, kama mlivyoona kwa mdogo wako. Kwa hiyo msiseme sindano ndizo zilizomharibu. Ni kweli haloperidoli, dawa ya kutuliza, humfanya mtu awe mkavu usoni, mwili ukakamae na atembee kama ubao, na hilo mwambie daktari maana lina dawa. Lakini aliyekakamaa kwa dawa mara nyingi bado hutaka chakula na bado huwauliza watu habari zao. Aliyeshuka hataki chochote.

Sasa hiyo dawa ya kifafa. Mhudumu wa akili aliyenipokea alinieleza hivi: seli za ubongo hupelekeana habari kwa umeme mdogo mdogo. Kwenye kifafa zinafyatuka pamoja na mtu anaanguka. Valproeti huzipunguzia kufyatuka huko. Waliokuwa wakitibu kifafa wakaona dawa hiyo hiyo humtuliza mtu wa mania, ndipo ikaingia kwenye kundi la dawa za kusawazisha hisia, pamoja na kabamazepini na lithiamu. Hapa kwetu wengi hupewa hizo mbili za kifafa kwa sababu ndizo zinazopatikana kwa urahisi. Kidonge changu cha sonona kilinisukuma juu, na hakukuwa na kitu cha kunizuia nisipitilize. Kwa hiyo mtu akikushauri ununue amitriptilini dukani ili kumwinua mdogo wako, kataa.

Nikuambie na upungufu wake. Valproeti hutuliza kupanda ndani ya siku chache hadi wiki mbili. Kwa kushuka haina nguvu hiyo. Ukiona wiki zinapita na bado amejifungia, mrudisheni. Daktari anaweza kuongeza nyingine, kama kwetiapini, juu ya ile anayoitumia.

Kumwachisha ghafla ni hatari. Mimi niliacha mwezi wa nane. Nilikuwa nimenenepa, nywele zinatoka, na nilijiona nimepona. Ndani ya wiki tatu nilikuwa nimefungwa kamba tena.

Lakini mama yako ana sababu ya kuihofia dawa hii, ingawa si ile anayoifikiria. Mdogo wako ana miaka 24. Mwanamke akipata mimba akiwa anatumia valproeti, karibu mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa na kasoro, kama uti wa mgongo usiofunga, na wengi zaidi huchelewa kusema na kujifunza. Mimi nilielezwa nilipotaka mtoto wa tatu. Rudini mkamuulize daktari waziwazi: kwa nini valproeti kwa msichana, kuna nyingine? Wakibadilisha, wanabadilisha wao, polepole. Mimi nilihamishiwa lithiamu. Hiyo inanibidi nipande basi hadi Kampala kupima damu, saa 12 baada ya kidonge cha mwisho, kwa sababu kiasi kinachotibu kiko karibu sana na kinachodhuru. Hata daiklofenaki ya mgongo siruhusiwi, huipandisha lithiamu kwenye damu.

Jambo la leo leo ni hili. Aliyetoka kupanda akishuka, anakuta madeni, anakumbuka aliyoyasema mbele za watu, na aibu inamla. Hapo ndipo mimi nilipotaka kufa. Dada yangu aliniuliza kwa jina la kitu chenyewe, "Unafikiria kujiua?", nami nikasema ndiyo, nikalia kwa mara ya kwanza katika miezi. Muulize hivyo hivyo, kumuuliza hakumpi wazo. Dawa zote akae nazo mama, ampe za siku moja tu, na dawa za shamba zitoke nyumbani. Akikubali kwamba anafikiria, asibaki peke yake, mpelekeni siku hiyo hiyo.

Nunua daftari la kurasa 48, andika kila asubuhi alilala kwa muda wa saa ngapi na aliamka vipi. Mume wangu bado anaandika langu. Mwaka juzi aliona usiku mbili za saa tatu tatu na mimi naimba jikoni, akanipeleka kabla sijakopa hata kitenge kimoja.

Ukirudi kutoka kliniki andika hapa walichosema kuhusu valproeti, na miligramu anazotumia.