Seremala siku 12, ndiye njia muhimu?

"Msingi siku 6, kuta 10, paa 5, plasta 4, kwa kufuatana. Fremu za seremala siku 12, anaanza siku ya kwanza. Kuzifunga siku 2, baada ya kuta, kabla ya plasta. Seremala ndiye njia muhimu, sivyo?"

— Hapana, ndugu. Usitazame kazi ndefu, jumlisha mnyororo mzima: ule mrefu kuliko yote ndio njia muhimu, unaoamua nyumba iishe lini. Kupitia paa: 6+10+5+4 = 25. Kuta kisha fremu: 6+10+2+4 = 22. Kuanzia kwa seremala: 12+2+4 = 18. Njia ni ile ya 25. Seremala anaweza kuchelewa siku 7, nyumba isisogee.

— Wangu alichelewa wiki tatu!

— Hapo njia ilihamia kwake: 18+21 = siku 39.