Jua bei yako ya mwisho kabla mteja hajaiuliza

Swali la wiki: "Nimejifunza kudizaini mwaka huu, kazi naiweza, ila mteja akiuliza bei moyo unanienda mbio nataja hela ndogo ili asinikimbie. Nyie mliotangulia mnapangaje bei zenu?"

Mdogo wangu, mi niko Tanga, nadizaini menyu, lebo za asali na sabuni, mabango ya maduka huku Ngamiani, mwaka wa sita sasa. Zamani nilikuwa nataja bei halafu naishusha mwenyewe kabla mteja hajafungua mdomo, "elfu hamsini, ila tunaongea". Kilichonitoa huko ni daftari. Mteja akisema mbona ghali unatetemeka kwa sababu hata wewe hujui hiyo bei imetoka wapi, sasa utaitetea na nini?

Nilinunua kaunta buku ndogo nikawa naandika kila kazi nimeianza saa ngapi na nimeiacha saa ngapi, mwezi mzima bila kujidanganya. Kazi iliyonishtua ni menyu ya mama mmoja mwenye mgahawa Raskazone, kurasa nne, nilimchaji 30,000 nikiamini ni kazi ya nusu siku. Kumbe kwenda kwake na kuongea masaa mawili, kuchapa orodha aliyoiandika kwa mkono akaipiga picha na simu mawili mengine, kudizaini manne, na marekebisho peke yake manne, maana hayakuja kwa pamoja, saa nne usiku meseji inaingia pweza wa nazi apandishwe bei, asubuhi mihogo itoke chapati iingie, mchana rangi ya kijani mdogo wake kaikataa. Jumla masaa 12. Gawanya 30,000 kwa 12 unapata 2,500 kwa saa.

Sasa hiyo 2,500 ni ndogo au kubwa? Hujui mpaka uandike maisha yako upande wa pili wa ukurasa. Mimi wakati ule kodi, chakula, nauli na hela ya nyumbani vilikuwa vinakula 450,000 kwa mwezi. Kazi yenyewe ilikuwa inakula 100,000, yaani bando, umeme, kuprinti sampuli, na 25,000 ya laptopu, kwa sababu niliinunua 900,000 na nikapiga hesabu itaishi miaka mitatu, sasa usipoiwekea hela kila mwezi siku ikifa unaenda kukopa. Nikaongeza 50,000 ya miezi ya ukame, maana huku kazi hazifanani mwezi hadi mwezi. Jumla 600,000.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, wanachukua siku 26 mara masaa 8, wanapata masaa 208, wanagawanya inakuja kama 2,900 kwa saa wanaona mambo safi. Lakini hayo masaa yote hayalipwi! Kuna kutafuta wateja, kujibu meseji za watu wasionunua, kwenda kwa mchapaji, kufuatilia madeni, kujifunza. Daftari langu lilionyesha masaa yanayolipwa kwa mwezi ni 80 tu. 600,000 gawanya kwa 80 ni 7,500. Kwa hiyo ile menyu ya masaa 12 bei yake ya mwisho ilikuwa 90,000, na mimi nilichukua 30,000, yaani kila menyu niliyoshangilia kuipata nilikuwa naitolea hela mfukoni. Tumia namba zako wewe, usichukue zangu, kama unaishi kwenu hulipi kodi zitatoka tofauti, ila njia ni hiyohiyo.

Bei ya mwisho ni ya kwako kichwani, siyo ya kumtajia mtu. Huku watu wanapatana, ndiyo mazungumzo yetu, kwa hiyo ile ya 90,000 mi naitaja 120,000, na hiyo nafasi katikati ndiyo inayobeba kazi ikichelewa au marekebisho yakizidi kidogo.

Na mteja akisema punguza, usiguse bei peke yake, punguza na kazi. Mteja mwingine wa menyu aliniambia, "Mwanangu, 120 nyingi, kuna kijana ananifanyia 40." Nikamwambia, "Sawa mama, bajeti yako ni ngapi?" Nikanyamaza. Huo unyamavu ni mgumu lakini usiujaze na maneno, ukiongea utajishusha mwenyewe. Akasema 70. Nikamwambia kwa 70 nakufanyia ukurasa mmoja mbele na nyuma, orodha uniletee imeshachapwa, picha utumie zako, na marekebisho mara moja, yote kwa pamoja. Hiyo kwangu ni kazi ya masaa 7, bei yake ya mwisho 52,500, kwa hiyo bado niko salama. Alikaa kidogo akachagua ile ya 120 kwa sababu alitaka samaki wake waonekane vizuri. Ningeshusha tu mpaka 70 kwa kazi ileile, angebaki anajiuliza hiyo 50 ya mwanzo nilitaka kumpiga au vipi, na kazi ijayo angeanzia 40.

Baada ya kukubaliana namwandikia meseji moja fupi: kazi ni nini, bei ngapi, marekebisho mara mbili, likizidi la tatu ni 10,000, nusu inatangulia, nusu kabla sijatoa faili la kuchapia. Mtu akigoma kutoa hata nusu mi siianzi kazi.

Kuhusu kuwakosa wateja, piga hesabu hata hiyo. Ukichaji 30,000 ili ufike 600,000 unahitaji menyu 20, mara masaa 12 ni masaa 240, na wewe unayo 80. Haifiki hata usipolala. Kwa 120,000 unahitaji menyu tano, masaa 60. Walikuwa wanakuja watu wanane, wakaondoka watano kwa sababu ya bei, hao watatu waliobaki wanakupa 360,000, wakati wale wanane wote kwa bei ya zamani walikuwa 240,000. Mimi nilikuwa naogopa kuwakosa watu ambao nikiwa nao ndo nakosa muda wa kutafuta wengine.

Ila kuna sehemu lazima niwe mkweli. Wewe unaanza, una mkono mzito, menyu ya masaa 12 itakuchukua 20 na huwezi kumlipisha mteja masaa ya wewe kujifunza. Hesabu masaa ambayo mzoefu angetumia, hayo mengine ni ada yako ya shule, lakini bei ya saa usiishushe. Na kama watu wote wanakubali papo hapo bila hata kupatana, bei yako iko chini. Kama kila mtu anakataa, angalia kwanza unawauzia akina nani, mama wa genge hawezi kulipa 120,000 ya menyu hata ukimbembeleza, mwenye mgahawa wa wageni anaweza.

Wale wa zamani niliowazoesha 30,000 sikuwapandishia katikati ya kazi, nilimaliza kwa bei ya mwanzo nikawaambia kazi ijayo bei ni mpya. Yule mama wa Raskazone alikaa kimya miezi miwili. Alivyorudi alitaka menyu na bango la mlangoni, akaniuliza nusu aitume kwa namba ipi.