Kulazimisha mchezo ujaze skrini pana bila kuharibu picha

Skrini ya pikseli 3440 kwa 1440 ni pana kuliko ilivyotarajiwa na watengenezaji wengi wa michezo ya kompyuta. Mchezo usioitambua huweza kuchukua picha ya uwiano wa 16:9 na kuivuta hadi ijaze skrini, au ukaijaza kwa kukata sehemu ya juu na ya chini. Nimerekebisha michezo ya aina zote mbili, na ushauri wangu ni kwamba usiguse faili lolote kabla hujajua una ugonjwa upi, kwa sababu dawa ya mmoja mara nyingi haiutibu mwingine.

Kupima ni rahisi. Tafuta ndani ya mchezo kitu cha duara, kwa mfano gurudumu la gari linaloonekana kwa ubavu, kikae katikati ya skrini, kisha piga picha ya skrini na uhesabu pikseli. Gurudumu lenye kimo cha pikseli 300 likitokea na upana wa karibu 403, picha imevutwa, kwani 3440 ukigawanya kwa 2560 unapata takriban 1.34. Likiwa duara kamili, simama hapo hapo, badilisha mchezo uwe 2560 kwa 1440, na ulinganishe: ukiona anga na ardhi ambazo hazikuwepo kwenye picha ya kwanza, tatizo lako ni kukatwa.

Kwa picha iliyovutwa, mara nyingi uwiano wenyewe umeandikwa ndani ya faili la mchezo lenye mwisho wa `.exe`, kama namba ya desimali inayochukua baiti nne. Namba hiyo ni 16 gawanya kwa 9, yaani 1.7778, na kwenye faili baiti zake hupangwa kuanzia mwisho. Hizi ndizo utakazotafuta, pamoja na zitakazochukua nafasi yake:

```
16:9        39 8E E3 3F
2560x1080   26 B4 17 40
3440x1440   8E E3 18 40
```

Nakili kwanza faili la asili mahali pengine. Kisha lifungue kwa HxD, ambayo ni programu ya bure, ubonyeze Ctrl+R, uchague Hex-values, na uelekeze utafutaji kwenye faili zima. Usibadilishe zote kwa mpigo. Baiti hizo huweza kutokea mara kadhaa, na si kila mahali zinahusu kamera. Nyingine hutawala menyu, nyingine video za hadithi. Badilisha moja, hifadhi, fungua mchezo, pima gurudumu, kisha uende kwenye inayofuata. Ni kazi ya subira, lakini ndiyo pekee inayokuonyesha ni badiliko lipi limefanya nini. Vitu vikianza kutoweka kwenye kingo za kushoto na kulia unapogeuza kamera, ujue picha imepanuka lakini hesabu ya vitu vya kuchorwa bado inafuata 16:9, hivyo kuna sehemu nyingine hujaifikia.

Picha iliyokatwa hutokana na mchezo kushikilia pembe ya kuona ya mlalo. Pembe hiyo ikiwa nyuzi 90, pembe ya wima iliyokuwa karibu 59 kwenye 16:9 hushuka hadi karibu 45 kwenye skrini yetu. Ili kuirudisha, pembe ya mlalo inapaswa kufika takriban 107. Kwa michezo mingi iliyojengwa kwa Unreal Engine 4 huhitaji heksi kabisa. Ongeza mistari hii kwenye `Engine.ini`, iliyo ndani ya folda ya mchezo chini ya `%LOCALAPPDATA%`:

```
[/Script/Engine.LocalPlayer]
AspectRatioAxisConstraint=AspectRatio_MaintainYFOV
```

Isipofanya kazi, huenda kamera imefungwa kwa uwiano maalumu ndani ya mchezo wenyewe, na hapo ndipo viraka vya wachezaji wenzetu vinapookoa. Vingi ni faili dogo la `.dll` linalowekwa kando ya mchezo na kurekebisha namba zikiwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Ndiyo maana vinafaa pia pale ambapo faili la mchezo limefungwa kwa ulinzi na baiti zetu hazionekani ukizitafuta.

Michezo yenye ulinzi dhidi ya udanganyifu ni jambo jingine. Elden Ring ya mwaka 2022, kwa mfano, hutumia Easy Anti-Cheat, na anayetaka kuicheza kwa kiraka cha skrini pana huzima ulinzi huo na kucheza nje ya mtandao. Mchezo wa kushindana mtandaoni usiuguse, kwani akaunti yako inaweza kufungiwa.

Steam ikisasisha mchezo, faili ulilohariri hubadilishwa na jipya. Usirudishe lile la zamani juu yake; tafuta baiti upya katika hilo jipya, kwa sababu mahali zilipo huenda pamehama.