Hitilafu ya ufuatiliaji haihesabu makosa ya meneja

SWALI: Mimi ni mmoja wa wadhamini wa mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa kampuni yetu hapa Changamwe. Meneja wa fungu letu la hisa ameleta ripoti ya miaka mitatu. Ameishinda NASI, fahirisi ya hisa zote za soko la Nairobi, kwa asilimia 3 kila mwaka, hitilafu ya ufuatiliaji (TE) ni asilimia 4, na uwiano wa taarifa (IR) ni 0.75. Anasema TE ikiwa ndogo ni kwamba hakosei sana, na IR hiyo ni ushahidi wa ustadi. Anaomba ada ipande kutoka asilimia 0.5 hadi 0.9. Tumkubalie?

JIBU: Msimkubalie bado. Hesabu yenyewe imefanywa sawa: IR ni ziada juu ya fahirisi ikigawanywa kwa TE, na 3 ukigawa kwa 4 unapata 0.75. Walakini uko kwenye maneno aliyoyafungasha na hesabu hiyo, na kwenye fahirisi aliyoichagua ashindane nayo.

Nianze na hilo la "hakosei sana", maana ndilo linalonikera zaidi, na nimelisikia kwenye vikao vya wadhamini kuanzia Mtwapa hadi Likoni. Neno hitilafu limewapotosha watu wengi. TE haihesabu makosa ya mtu. Unachukua pato la meneja kila mwezi, unatoa pato la fahirisi mwezi huo huo, unabaki na tofauti. Kisha unauliza: tofauti hizi zinayumba kiasi gani kuzunguka wastani wao wenyewe? Kuyumba huko ndiko TE. Wastani wenyewe uwe wa faida au wa hasara, TE haiuoni kabisa.

Chukua miezi mitatu. Fahirisi imepanda asilimia 3, ikashuka 2, ikapanda 1. Meneja wako amepata 2.8, akashuka 2.2, akapata 0.8. Kila mwezi yuko nyuma kwa 0.2 kamili. Tofauti haziyumbi hata chembe, kwa hiyo TE yake ni sifuri. Akiendelea hivyo mwaka mzima amewapotezea wazee wenu kama asilimia 2.4 dhidi ya soko, na ripoti yake itaonyesha TE ambayo hakuna awezaye kuishinda. Basi mtu akikwambia TE ndogo ni dalili ya umahiri, ujue ama haelewi anachokisoma au anategemea kwamba wewe huelewi. TE inakuambia tofauti ya meneja na fahirisi inayumba kiasi gani, basi. Anayelipwa ada ya kuchagua hisa kwa akili yake huku TE yake haifiki hata asilimia 1 huenda anainunua fahirisi tu na kuwauzia kwa bei ya kazi asiyoifanya.

Sasa shika hilo, kwamba TE haiuoni wastani, kwa sababu ndipo ziada yenu ya asilimia 3 inapofichwa.

NASI ni fahirisi ya bei. Inapima thamani ya hisa zilizoorodheshwa Nairobi, kila kampuni kwa uzito wa ukubwa wake sokoni. Gawio linalolipwa na kampuni hizo halimo ndani yake. Daftari la wanahisa likifungwa na hisa ikaanza kuuzwa bila haki ya gawio, bei kwa kawaida hushuka kwa karibu kiasi cha gawio lile, na fahirisi inaubeba mshuko huo bila kurudishiwa kitu. Mfuko wenu je? Gawio linaingia benki, linahesabiwa kwenye pato la meneja. Yeye anakimbia na gawio mkononi, fahirisi inakimbia bila gawio, halafu mnashangiliwa kwamba mmeshinda.

Mwaka uliopita nilikaa na mdhamini mmoja, mama aliyestaafu kazi ya uhasibu, kwenye meza ya jikoni kwake Kisauni. Alikuwa na taarifa za benki inayotunza mali za mfuko wao, kurasa za miaka mitatu zimebanwa kwa klipu. Akashika kalamu nyekundu na kuzungushia kila mstari wa gawio lililoingia, wa kampuni ya simu, wa mabenki, wa kiwanda cha bia, mpaka akamaliza. Hakuhitaji kompyuta wala mshauri. Ilimchukua chini ya saa moja, na ziada aliyokuwa akisomewa kila robo mwaka ikayeyuka pale pale.

Fanyeni hivyo hivyo. Tuseme fungu lenu la hisa lilikuwa na wastani wa shilingi milioni 300 katika miaka hiyo, na mkijumlisha gawio lote mnapata milioni 36. Hiyo ni milioni 12 kwa mwaka, yaani asilimia 4. Ondoeni 4 hiyo kwenye pato la meneja ili mshindanishe bei kwa bei. Ziada ya 3 inageuka kuwa pungufu ya 1. TE inabaki karibu pale pale kwenye 4, kwa kuwa gawio limeinua wastani bila kuongeza kuyumba sana. IR yenu si 0.75 tena, ni -0.25. Weka takwimu zenu halisi badala ya hizi za mfano, lakini njia ni hiyo.

Kipimo hiki cha haraka kina upungufu wake, nami sitaki mumdhulumu mtu. Meneja anayependelea hisa zenye gawio nono ataonekana dhaifu kuliko alivyo, maana bei za hisa hizo ndizo zinazokatwa zaidi daftari linapofungwa. Kilicho sawa ni kuiongezea fahirisi gawio lake: kwa kila kampuni, gawio likigawanywa kwa bei na kuzidishwa kwa uzito wake kwenye fahirisi, liongezwe kwenye pato la mwezi ule. Hiyo ni kazi ya meneja, si yenu. Mwambieni ailete, na pato lake liwe limeshatolewa ada. Kisha mweke tofauti za miezi 36 kwenye safu ya D ya Excel na mfanye wenyewe:

```
=AVERAGE(D2:D37)*12
=STDEV.S(D2:D37)*SQRT(12)
```

Mstari wa kwanza ni ziada ya mwaka, wa pili ni TE ya mwaka. Gawanyeni wa kwanza kwa wa pili, hiyo ndiyo IR.

Tuseme ameileta na IR imebaki 0.75 kweli. Je, ni ushahidi wa ustadi? Kwa kadiri ya Grinold na Kahn, ambao wanaoifanya kazi hii huwarejea sana, 0.5 ni nzuri, 0.75 ni nzuri sana, na 1.0 ni ya nadra. Lakini wao wanazungumzia uwezo unaodumu, si miaka mitatu iliyokwisha. Kujua kama namba imesimama au ni bahati, zidisha IR kwa kipeuo cha pili cha idadi ya miaka, yaani namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata miaka hiyo. Kwa miaka mitatu ni 1.73, na 0.75 mara 1.73 ni 1.30. Kwa desturi mtu husubiri ifike karibu 2 kabla ya kuamini. Kati ya mameneja mia wasio na ustadi wowote, kama kumi watafika 1.30 au zaidi kwa bahati tupu. Na hao kumi ndio watakaokuja ofisini kwenu na ripoti yenye jalada la rangi. Tisini waliobaki hawatabisha hodi. Ili IR ya 0.75 ifike 2 inahitaji miaka kama saba. IR ya 0.5 inahitaji miaka 16.

Hata hesabu hiyo inamhurumia meneja, kwa kuwa inachukulia miezi 36 kama majaribio 36 yasiyotegemeana. Soko la Nairobi haliko hivyo. Safaricom peke yake ni sehemu kubwa ya NASI, na kuna miaka ilipita nusu. Meneja aliyeshika Safaricom kidogo kuliko uzito wake, na hisa ile ikashuka, amelishinda fahirisi mwezi baada ya mwezi kwa uamuzi mmoja alioufanya mara moja. Muulizeni ziada imetoka kwenye hisa zipi. Akijibu kwamba karibu yote imetoka hapo, basi hamna rekodi ya miaka mitatu ya kuchagua hisa. Mna dau moja lililokubali.

Na hapa nawageukia wengine wote wanaonisoma, wawe wadhamini, wenyeviti wa sacco au chama cha ndugu na jamaa. Kuna ujanja mmoja ambao sasa naukuta kila mahali. Mtu anachukua ziada ya mwaka mzima na kuigawa kwa TE ya mwezi mmoja. Kwa namba za Changamwe, TE ya mwezi ni 4 gawa kwa kipeuo cha pili cha 12, yaani 1.15. Ukiigawa 3 kwa hiyo unapata 2.6, na 2.6 inang'aa sana kwenye ukuta wa hoteli. Nimeiona namba ya aina hiyo ikioneshwa mbele ya watu waliokwisha kutoa kalamu za kujazia fomu. Nilipouliza TE ni ya kipindi gani, aliyekuwa akizungumza alisema tutaongea wakati wa chai, na chai ikanywewa ikaisha. Ukioneshwa IR inayozidi 1 kwa miaka mingi mfululizo, kwanza tafuta kama ziada na TE ni za kipindi kimoja, kisha uulize kama fahirisi ina gawio. Mara nyingi hutafika swali la tatu.

Kwako ndugu mdhamini, andikeni barua kabla ya kikao kijacho mkitaka vitu vitatu: pato la kila mwezi baada ya ada, pato la fahirisi likiwa na gawio, na mchango wa kila hisa kwenye ziada. Ada ibaki 0.5 mpaka barua hiyo ijibiwe. Mkipata namba hizo, nitumieni na nitazipitia pamoja nanyi.