Sweta juu ya shati: kola isipotulia angalia shati kwanza

Msimu huu wa Juni mpaka Agosti huku Mbeya hamna asiyetafuta sweta, na mi ndo kazi yangu, nauza sweta na kadigani za mtumba Mwanjelwa, kwahiyo kutwa nzima naangalia watu wakijaribu sweta juu ya mashati waliyokuja nayo. Malalamiko ni mawili tu. Kola inapanda au inamezwa ndani, na chini shati linachungulia. Halafu karibu wote wanailaumu sweta, "nitolee nyingine hii mbaya", natoa nyingine mambo yanakuwa yale yale, kwasababu shida iko kwenye shati.

Kola inayotulia ni ile yenye mkanda, yani kile kipande kilichosimama kinachozunguka shingo, chenye kifungo cha juu kabisa, ambacho kola imeshonewa juu yake ndo ikajikunja kushuka. Ule mkanda ndo unaiinua kola itokeze. Sasa yale mashati ya kola bapa, mengi ya kitenge yako hivyo, kola imeshonewa moja kwa moja shingoni, ukivalia sweta inalala chini na kupotea, utaitoa nje ukipiga hatua kumi imerudi. Hilo vaa lenyewe bila sweta, usihangaike nalo. Fulana za fomu siksi nazo kola yake laini mno, ncha zinajikunja tu.

Ukishavaa, mwambie mtu akupige picha kwa nyuma. Kisogoni kola inatakiwa ionekane kama sentimita moja hivi juu ya sweta, kulia na kushoto sawa. Ikiwa imefunikwa yote basi sweta imekuja mbele, shika mabega yake uirudishe nyuma kidogo. Ikionekana sana nyuma huku mbele sweta inakukaba koo, basi imerudi nyuma, ilete mbele. Hapo watu wengi wanavuta kola wakati cha kuvuta ni sweta.

Ncha za kola ziingie ndani, iwe sweta ya shingo V au ya duara. Kwenye V kingo za sweta zinapita juu ya kola na ncha hazionekani, hapo hata ukifungua kifungo kimoja inapendeza. Shingo ya duara ndo yenye usumbufu maana ukigeuza kichwa ncha moja inachomoka na kukaa juu ya sweta, nyingine iko ndani. Dawa rahisi ukiwa unachagua shati mtumbani ni kuchukua lile lenye vifungo vidogo kwenye ncha za kola, linajishika lenyewe. Kama shati unalo tayari na ni la ofisini, geuza kola uangalie chini yake, mengi yana vimfuko viwili vyembamba vya kuingiza vijiti vya plastiki, ila kwenye mtumba vijiti vyenyewe vilishapotea zamani. Mi nakata kwenye ile kadi ya plastiki inayokuja na laini ya simu: urefu sentimita sita, upana sentimita moja, ncha nazizungusha na mkasi zisitoboe kitambaa. Ila vitoe kabla hujafua na kabla ya pasi, vikipata moto vinayeyuka humo humo ndani.

Na pasi kwenye kola unaanzia kwenye ncha unakuja katikati, upande wa chini kwanza kisha wa juu. Ukianzia katikati kukimbilia nje mikunjo yote unaisukumia kwenye ncha. Halafu piga shati lote jamani, sio kola na kafu tu, mchana jua likitoka utaivua sweta mbele za watu tuone mgongo ulivyojikunja.

Tuje chini sasa. Mashati mengi yameshonwa kwa kuchomekea, ndo maana pindo lake limepinda, mbele na nyuma refu, ubavuni limepanda. Ukiliacha nje chini ya sweta unapata ulimi mbele, ulimi nyuma, ubavuni hamna kitu. Kama ni la namna hiyo chomekea, na kabla ya kufunga mkanda kamata kitambaa kilichozidi ubavuni ukikunje kuelekea nyuma, kulia na kushoto, ndo ufunge suruali. Ukiacha kimejaa kiunoni kitatuna chini ya sweta, na sweta nyembamba haifichi kitu.

Kama unapenda shati lionekane kidogo chini, ambavyo vijana wengi ndo wanataka, mpelekee fundi alikate linyooke. Ila usimwambie "kata kidogo", nenda umevaa shati na sweta, mikono chini, achore chaki kwenye shati pale mpira wa sweta unapoishia, kuzunguka kiuno chote. Chukulia shati lina sentimita 78 toka shingoni nyuma hadi chini, na chaki imeangukia kwenye 66. Unataka zionekane mbili, kwahiyo shati likiisha liwe 68, na pindo la kukunja mara mbili linakula moja na nusu, basi mkasi unapita 69 na nusu. Kabla ya mkasi mwambie apime ubavuni pale palipopanda, toka kwenye chaki kushuka chini zipatikane sentimita tatu na nusu. Zisipofika, lile shati haliwezi kunyooka kwa urefu huo, liache libaki la kuchomekea. Zikifika akate, na aache mpasuo mdogo ubavuni, sentimita tatu zinatosha, la sivyo ukikaa litajaa tumboni. Angalia na kifungo cha mwisho pia kisije kikaangukia kwenye pindo, kikiangukia hapo kitolewe na tundu lake lizibwe.

Mbili nasema kwasababu moja inaonekana kama bahati mbaya, na ikifika tano sita sweta inaonekana ya mdogo wako.

Kuvaa kwenyewe: funga vifungo vyote vya shati na vya kafu, kamata kafu kwa vidole ndo upitishe mkono kwenye sweta, usipokamata mkono wa shati unapanda mpaka kwenye kiwiko na unabaki bonge humo. Ikishapita kichwani ingiza mikono chini ya sweta uvute shati kushuka, mbele, nyuma, kisha weka mishono ya mabega sawa. Kola unaimalizia mwisho. Ukianza na kola utaitengeneza tena baada ya kuvuta shati.

Kadigani ina nafuu kwenye kola maana mbele iko wazi kama V, ila chini ndo kwenye kazi. Ukiifunga yote mpaka kifungo cha mwisho inajikunja kiunoni kila ukikaa, mi cha mwisho nakiacha wazi. Na kadigani unayovaa wazi usiweke shati lililoachwa nje, kila ukitembea zinapishana, shati linaenda huku kadigani kule, chomekea tu. Mifukoni usiweke simu wala funguo, upande mmoja unavutika chini, na sufu ikishavutika hivyo hata ukiifua inaweza isirudi sawa.