RAM mbili za kampuni tofauti: nilivyohangaika na zangu

"Wakuu, kompyuta yangu ina RAM moja ya GB 8. Nikiongeza GB 8 nyingine ya kampuni tofauti kuna shida? Na kwa nini wanasema mbili zina kasi kuliko moja ya GB 16?"

Mkuu, nimepitia hilo kwenye mashine yangu ya Ryzen 3 3200G, isiyo na kadi ya picha.

Ndani ya prosesa kuna kidhibiti cha kumbukumbu chenye chaneli mbili, kila moja ikipitisha biti 64, yaani baiti 8 kwa mkupuo. DDR4-3200 hufanya mikupuo milioni 3,200 kwa sekunde, kwa hiyo chaneli moja hufikisha GB 25.6 kwa sekunde. Ukiwa na RAM moja, hata iwe ya GB 16, chaneli ya pili inakaa bure. Ukiweka mbili, kila moja kwenye chaneli yake, data hugawanywa pande zote kwa pamoja na kikomo kinakuwa GB 51.2. Ukiwa unaandika barua tu hutaona tofauti kubwa. Mimi niliiona mara moja kwenye gemu, maana picha za 3200G huchota RAM hiyohiyo.

Sasa shida. Nilinunua GB 8 ya pili, nayo imeandikwa 3200 kama ya kwanza, ila chipu zake ni za aina nyingine. Nikawasha XMP kwenye BIOS, ule mpangilio unaoiendesha RAM kwa spidi iliyoandikwa juu yake, Windows ikawaka vizuri, kisha baada ya saa moja hivi skrini ya bluu: `MEMORY_MANAGEMENT`. Kila RAM nilipoijaribu peke yake kwa MemTest86 ilipita safi. Zikikaa pamoja, makosa yanamiminika. Hakuna iliyokuwa mbovu. Bodi huziendesha zote kwa spidi moja na taimingi moja, yaani muda wa kusubiri kati ya hatua za RAM, na taimingi zilizoifaa ya kwanza ziliibana ya pili.

Nilizima XMP, zote zikashuka hadi 2400, na makosa yakaisha. Usiogope kushuka huko: chaneli mbili za 2400 ni GB 38.4 kwa sekunde, bado zinaishinda moja ya 3200. Baadaye nikapandisha kwa mkono hadi 2933, nikapima usiku kucha, ikatulia.

Ukiweka 8 na 4, bodi nyingi huoanisha 4 kwa 4, na GB 4 zinazobaki huenda kwa chaneli moja. Hapo kompyuta huwa nyepesi saa fulani na nzito saa nyingine.

Kwenye bodi ya sloti nne tumia A2 na B2, kwa kawaida ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa. Ukizipanga A1 na A2 zote ziko chaneli moja. Kisha fungua PowerShell:

```
Get-CimInstance Win32_PhysicalMemory |
 Select DeviceLocator,Capacity,ConfiguredClockSpeed
```

Utaona sloti na spidi halisi ya kila RAM. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji ruhusa ya kuirudisha, kisha uipime na MemTest86 ikiwa pamoja na ya zamani.