Ujoto wa utepe kwenye ngoma za roki

"Ngoma nilizorekodi kwenye kompyuta zinachoma masikio. Kwa nini mafundi bado wanatafuta utepe na miksa za zamani?"

Ndugu, utepe wa sumaku ukijazwa sauti kupita uwezo wake haukati kilele cha wimbi ghafla kama kompyuta ifanyavyo, bali hukilaza taratibu na kuzaa sauti nyingine juu yake, hasa ile yenye mtetemo mara 3 ya asili, ndiyo maana pigo husikika nene bila kuchoma. Miksa kama Neve 8028 iliyokuwa ya studio ya Sound City, iliyorekodi albamu ya Nirvana, Nevermind, mwaka 1991, huchangia kwa transfoma zake, zaidi kwenye besi. Ongeza sauti inayoingia kwenye utepe kidogokidogo. Matoazi yakianza kukwaruza, umezidisha, nami hapo hurudisha desibeli 2.